Hesabu za Excel kujikokotoa zenyewe au kusubiri F9: yaliyonikuta Tukuyu na namna ya kuyakwepa

Mama mmoja aliingia ofisini mwanzoni mwa Juni, mvua ya Tukuyu ikimchuruzika kwenye kanga, akaweka mezani vitu viwili: karatasi ya malipo niliyoichapa mwenyewe na daftari lake la kaunta. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, hesabu yako na yangu hazipatani."

Mwezi wa Mei alileta lita 214 kwenye kituo chetu cha kukusanyia maziwa. Bei ilikuwa shilingi 900 kwa lita, na wakubwa walikuwa wamekubali nyongeza ya 50 kwa mwezi mzima. Ukitoa makato ya shilingi 20 kwa kila lita, alitakiwa kupokea 199,020. Karatasi yangu ilisema 188,320. Pungufu ni 10,700, yaani ile nyongeza yote haikuingia. (Namba nimezibadilisha kidogo, ila uwiano ni ule ule.)

Nikafungua faili mbele yake ili nimwonyeshe kwamba anakosea. Faili likasema 199,020. Faili sahihi, karatasi si sahihi, na vyote viwili vimetoka kwangu. Ilinichukua nusu siku kuelewa, na jibu lilikuwa sehemu moja ya Excel ambayo sikuwahi kuigusa: hali ya ukokotoaji, ambayo inaweza kuwa ya kujiendesha yenyewe au ya kusubiri uiamuru.

Kilichotokea hasa

Kwa kawaida Excel iko kwenye `Automatic`. Ukibadilisha namba kwenye seli, kila fomula inayoitegemea inahesabiwa upya papo hapo, na zinazotegemea hizo nazo hufuata. Ikiwa kwenye `Manual`, unaandika namba mpya, inakaa pale ulipoiandika, lakini fomula zinazoitegemea zinabaki na majibu ya zamani mpaka ubonyeze F9. Hakuna onyo linalojitokeza katikati ya kioo. Majibu ya zamani yanaonekana safi kabisa, na desimali zake.

Faili letu lilikuwa na shiti tatu. `Bei` lina bei ya msingi kwenye B1, nyongeza kwenye B2, jumla yake kwenye B3, na makato kwenye B4. `Mapokezi` lina tarehe, namba ya mfugaji na lita, mstari mmoja kwa kila mfugaji kwa kila siku. `Malipo` lina mstari mmoja kwa kila mfugaji:

```
Bei!B3:     =B1+B2
Malipo!C2:  =SUMIFS(Mapokezi!$C:$C,Mapokezi!$B:$B,A2)
Malipo!D2:  =C2*Bei!$B$3
Malipo!E2:  =C2*Bei!$B$4
Malipo!F2:  =D2-E2
```

Siku ile niliandika 50 kwenye B2, nikahamia shiti la `Malipo`, nikabonyeza Ctrl+P. B3 ilikuwa imebaki 900 mbele ya macho yangu, lakini nani anaitazama? Baada ya kuchapa ndipo nikahifadhi faili kwa Ctrl+S. Na hapo ndipo penye mtego. Kwenye hali ya `Manual` kuna kisanduku kinachoitwa `Recalculate workbook before saving`, na kawaida huwa kimetiwa alama. Kuhifadhi kukalifanya faili lihesabiwe upya. Kwa hiyo karatasi ilitoka kabla ya hesabu, faili likarekebishwa baada ya karatasi, na kesho yake hapakuwa na ushahidi wowote kwenye kompyuta kwamba kosa lilitokea.

Hali ya Manual iliingiaje?

Mimi sikuiweka. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata waliotumia Excel miaka kumi: hali ya ukokotoaji si ya faili moja. Ni ya programu nzima, kwa mafaili yote yaliyofunguliwa kwa wakati huo. Kila faili linapohifadhiwa hubeba hali iliyokuwepo, lakini linalosikilizwa ni faili la kwanza kufunguliwa. Mengine yanayofuata yanavaa hali ya lile la kwanza, hata kama yenyewe yalihifadhiwa kwa hali nyingine.

Asubuhi ile mwenzangu alinipa fleshi yenye faili la madawa ya mifugo. Yeye huliweka `Manual` kwa sababu ni zito. Nililifungua kwanza, nikasoma, nikaliacha wazi, kisha nikafungua faili langu la malipo. Langu likawa `Manual` bila mimi kujua, na nilipolihifadhi likaondoka na hali hiyo. Kuanzia hapo hata nikilifungua peke yake, linaamka `Manual` na kuambukiza mengine. Ni kama mafua ya bwenini.

Mambo huenda pia kinyume chake. Ukifungua kwanza faili la `Automatic`, kisha lile zito la mwenzako, zito litaanza kujihesabu kila unapogusa kitu, na ukilihifadhi litapoteza hali yake ya `Manual`. Mwenzangu alilalamika juu ya hilo wiki iliyofuata.

Njia nyingine ya kuambukizwa ni makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili zifanye kazi zenyewe. Makro nyingi huzima ukokotoaji mwanzoni ili zikimbie, kisha huuwasha mwishoni. Makro ikikwama katikati kwa hitilafu, mstari wa kuwasha haufikiwi, na unabaki `Manual`.

Namna ya kuangalia na kubadilisha

Nenda kwenye utepe wa juu, bonyeza `Formulas`, kisha upande wa kulia bonyeza `Calculation Options`. Utaona alama ya tiki kwenye hali iliyopo: `Automatic`, `Manual`, au ile ya katikati `Automatic Except for Data Tables`, ambayo matoleo mapya huiandika `Partial`. Hiyo ya katikati inawahusu wanaotumia majedwali ya kujaribia viwango vingi kwa mpigo. Kama hujui ni nini, haikuhusu. Bonyeza unayoitaka, basi. Kwa kibodi ni Alt, M, X, halafu A kwa `Automatic` au M kwa `Manual`, kimoja baada ya kingine bila kushikilia.

Kile kisanduku cha kuhesabu kabla ya kuhifadhi kiko ndani zaidi: `File`, `Options`, `Formulas`, chini ya `Manual`. Kiache na alama yake. Kimenichanganya mara moja, lakini kukitoa ni kubaya zaidi, maana utamtumia mtu kwa barua pepe faili lenye majibu ya juzi.

Ukibadilisha kutoka `Manual` kwenda `Automatic`, kila kilichokuwa kinasubiri kitahesabiwa wakati huo huo. Kumbuka kulihifadhi faili baada ya kubadilisha, la sivyo kesho litaamka na hali ile ile ya zamani.

Dalili za kuona bila kufungua menyu

Tazama kona ya chini kushoto ya dirisha, pale panapoandikwa `Ready`. Kwenye hali ya `Manual`, kama kuna fomula inayosubiri, pataandikwa neno `Calculate`. Ukilibonyeza kwa kipanya ni sawa na kubonyeza F9. Baada ya lile tukio nilijizoeza kutupa jicho pale kila kabla ya Ctrl+P, kama dereva wa Uyole anavyotupa jicho kwenye kioo kabla ya kutoka stendi.

Dalili ya pili ni rahisi kuikumbuka. Andika fomula kwenye mstari wa kwanza, iburute kwenda chini. Kama mistari yote inaonyesha jibu moja lile lile la mstari wa kwanza, uko `Manual`. Fomula uliyoiandika mwenyewe hujihesabu unapobonyeza Enter, lakini nakala zake zinasubiri. Watu wengi hapo hudhani wamekosea alama za dola.

Matoleo ya karibuni ya Microsoft 365 yana msaada zaidi: seli yenye jibu lililopitwa na wakati hukatwa mstari katikati. Chaguo lake linaitwa `Format Stale Values`, liko kwenye menyu ile ile ya `Calculation Options`. Laptopu yetu ya ofisi ina toleo la zamani, kwa hiyo sisi hatunalo.

Sasa, usitegemee jumla ya chini ya ukurasa ikuokoe. Hapo ndipo nilipodanganyika. Mimi huwa nalinganisha jumla ya safu ya F na jumla ya D ukitoa jumla ya E. Zilipatana sawasawa, kwa sababu namba zote zilikuwa zimeganda kwa pamoja kwenye bei ya 900. Hata seli ya kukagua, ile inayoandika SAWA au KOSA, ni fomula kama nyingine na imeganda pia. Itaandika SAWA mpaka uibonyezee F9. Ukaguzi unaofaa ni ule unaotoka nje ya faili: chukua mfugaji mmoja, piga lita zake mara bei ya leo kwa simu yako, linganisha. Ndivyo yule mama alivyofanya.

Kama dalili hizi hazipo na bado fomula haisogei, tatizo si hali ya ukokotoaji. Mara nyingi seli imepewa umbo la `Text`, au lita zimeingia kama maandishi na zimejipanga kushoto mwa seli. F9 haigusi hayo.

F9 na ndugu zake

F9 peke yake huhesabu kila kilichobadilika tangu hesabu ya mwisho, pamoja na vinavyokitegemea, kwenye mafaili yote yaliyofunguliwa. Hiyo ndiyo ya kutumia mara tisa kati ya kumi. Kwenye laptopu nyingi F9 imepewa pia kazi ya mwanga au sauti, kwa hiyo inabidi ushike Fn kwanza. Ukibonyeza na neno `Calculate` likabaki pale chini, huenda hukuibonyeza F9 kabisa, umepandisha mwanga tu.

Shift+F9 huhesabu shiti ulilopo tu. Inavutia kwa sababu ni ya haraka, lakini angalia ingetokea nini kwangu. Niko kwenye `Malipo`, nyongeza nimeshaandika kwenye `Bei!B2`, nabonyeza Shift+F9. Shiti la `Malipo` linahesabiwa, linakwenda kuchukua `Bei!B3`, na B3 ni fomula iliyo kwenye shiti jingine ambalo halikuhesabiwa. Bado ni 900. Nitapata 188,320 ile ile, safari hii nikiwa na uhakika kwamba nimebonyeza kitufe. Tumia Shift+F9 pale tu unapojua kwamba kila kinachohitajika kiko kwenye shiti hilo, au kinatoka kwenye namba zilizoandikwa kwa mkono.

Ctrl+Alt+F9 huhesabu kila fomula kwenye mafaili yote, iliyobadilika na isiyobadilika. Hii ni ya siku ambayo chini pameandikwa `Ready` lakini wewe huamini, au faili lina vitendakazi vilivyoandikwa kwa VBA, lugha ya kuandikia makro, vinavyosoma seli ambazo hazikutajwa ndani ya mabano yake. Excel haijui kwamba vinazitegemea, kwa hiyo haivigusi kwenye F9 ya kawaida. Ukiongeza Shift, yaani Ctrl+Alt+Shift+F9, Excel hujenga upya pia orodha yake ya nani anamtegemea nani. Miaka yote nimeihitaji mara moja.

Tahadhari moja kubwa juu ya F9. Kama kishale kinawakawaka ndani ya fomula, yaani umebofya mara mbili seli ili uihariri, F9 hufanya kazi nyingine kabisa: inageuza fomula kuwa jibu lake.

```
Kabla:  =C2*Bei!$B$3
Baada:  203300
```

Ukibonyeza Enter hapo, fomula imekufa na namba imekaa mahali pake. Mwezi ujao mfugaji yule atalipwa 203,300 hata kama hakuleta tone. Ukijikuta hapo bonyeza Esc, na ubonyeze F9 ukiwa umetoka nje ya seli.

Ni wakati gani Manual inafaa?

Baada ya kisa kile ningeweza kusema `Manual` isitumike kamwe, lakini si kweli. Faili letu la zamani lilikuwa na safu ya nne kwenye `Mapokezi`, jumla ya lita za mfugaji tangu tarehe 1 hadi siku ile:

```
=SUMIFS($C$2:$C$11781,$B$2:$B$11781,B2,$A$2:$A$11781,"<="&A2)
```

Tuna wafugaji 380. Wakileta wote siku 31, hiyo ni mistari 11,780. Kila mstari una fomula inayopitia mistari yote 11,780. Zidisha, unapata kama milioni 139 za kukagua. Na kwa kuwa kila fomula inatazama safu nzima ya lita, ukiandika lita za mtu mmoja tu, Excel inaona kwamba zote zimeguswa na kuzihesabu zote. Kwenye laptopu yetu kila Enter ilikuwa inaganda unasubiri. Kuingiza ukurasa mmoja wa daftari la mapokezi kulitosha kuchemsha chai.

Hapo `Manual` ni halali. Utaratibu niliokuwa naufuata ulikuwa huu: nafunga mafaili mengine yote, nafungua la maziwa peke yake, naweka `Manual`, naingiza ukurasa mzima wa daftari bila kusimama, nabonyeza F9 mara moja, nalinganisha jumla ya ukurasa na ile ya karani wa kupokea, nahamia ukurasa unaofuata. Nikimaliza siku narudisha `Automatic`, nasubiri ihesabu, kisha nahifadhi. Hicho cha mwisho ndicho kinachozuia maambukizi.

Ila dawa ya kweli ni kuuondoa uzito wenyewe. Mwezi wa Julai nilijiuliza nani anaisoma ile safu ya jumla inayoendelea kila siku. Hakuna. Jumla inahitajika kwenye `Malipo` tu, mara moja kwa kila mfugaji, na fomula yake ipo tayari. Nikaifuta safu. Kazi ikashuka kutoka milioni 139 hadi kama milioni 4.5, na siku hizi sina haja ya `Manual` kabisa kwenye faili hilo.

Kinga kabla ya kuchapa

Kwenye kichwa cha shiti la `Malipo` nimeweka seli moja ya `=NOW()` yenye tarehe, saa na dakika. Kitendakazi hiki hujihesabu kila Excel inapohesabu, kwa hiyo kwenye hali ya `Manual` kinabaki na saa ya hesabu ya mwisho. Karatasi ikitoka saa 10 jioni na kichwa kinasema saa 4 asubuhi, irudishe. Udhaifu wake ni kwamba Shift+F9 itaisogeza saa hiyo hata kama shiti la `Bei` halijahesabiwa.

Kwa hiyo niliongeza makro fupi. Bonyeza Alt+F11, upande wa kushoto bofya mara mbili `ThisWorkbook`, andika:

```
Private Sub Workbook_BeforePrint(Cancel As Boolean)
    Application.Calculate
End Sub
```

Hifadhi faili kama `.xlsm`. Kuanzia hapo kila kabla ya kuchapa F9 inabonyezwa yenyewe, hata kama faili limeambukizwa. Masharti yake ni kwamba anayelifungua aruhusu makro, pale juu panapoandikwa `Enable Content`.

Wanaotumia LibreOffice Calc watakuta mambo yale yale kwenye `Data`, kisha `Calculate`: `AutoCalculate` ikiwa na tiki inajihesabu yenyewe, F9 ndiyo ya kuhesabu, na Ctrl+Shift+F9 huhesabu zote bila kuchagua.

Yule mama alilipwa 10,700 yake siku ile ile kutoka kwenye fedha ndogo za ofisi. Wengine tuliwaongezea kwenye malipo ya Juni, kwenye safu mpya niliyoiita Marekebisho, na orodha hiyo niliichapa mara mbili: mara ya kwanza nikakagua kwa simu, mara ya pili ndiyo ikabandikwa ukutani.